Shilingi moja kwenye bango: kuonyesha jinsi vyama vya wafanyakazi vilivyoibuka

*“Mwalimu, shikamoo. Darasa letu lina maonyesho ya historia, na kikundi chetu kimepewa bango kuhusu kuibuka kwa harakati za wafanyakazi na vyama vyao. Tuna karatasi moja ya A1. Tumeshaandika kurasa sita, kuanzia Mapinduzi ya Viwanda hadi leo, na kila mmoja anataka sehemu yake iwemo. Tufanyeje ili bango lisomeke, lisiwe daftari lililobandikwa ukutani?”*

Marahaba, mwanangu. Kurasa zenu sita zihifadhini, zitakuwa na kazi yake baadaye, lakini msianze kuzikata na kuzibandika. Karatasi ya A1 ikisimama ina upana wa milimita 594 na urefu wa milimita 841. Ukiacha pambizo nzuri na nafasi ya picha, inabeba maneno 250, au 300 mkijibana. Kurasa sita zina maneno mara tano au sita ya hayo. Mkizipunguza kidogo hapa na kidogo pale, mtabaki na sentensi moja moja juu ya kila jambo, na msomaji ataondoka akijua kwamba viwanda vilikuja, watu waliteseka, wakaungana. Hayo aliyajua kabla hajafika.

Bango linahitaji swali moja ambalo jibu lake linaweza kuonekana kwa macho. Mimi ningechagua hili: vyama vya wafanyakazi vilianza vikiwa vya mafundi stadi wachache, sasa vilifikaje kwa watu ambao mafundi hao hawakuwahesabu? Hapo ndipo neno “kuibuka” linapopata uzito. Na mahali ambapo jibu linaonekana wazi ni mashariki mwa jiji la London, kati ya Julai 1888 na Septemba 1889, kuanzia kiwanda cha viberiti hadi gatini. Ni miezi 14 tu, lakini ndani yake mna sababu, mgomo, chama kipya, na ushindi ulioishia njiani. Mambo hayo manne yakikaa kwenye kisa kimoja, mgeni anayaelewa kuliko yakitawanywa katika nchi kumi.

Kwanza mjue kilichotangulia, maana bila hicho kisa hakina mzizi. Mwaka 1799 na tena 1800 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zilizowakataza wafanyakazi kuungana ili kudai mishahara. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1824, zikarudishiwa makali kiasi mwaka uliofuata. Mwaka 1834 vibarua sita wa mashambani kutoka kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa Australia miaka saba. Kosa lililoandikwa ni kula kiapo cha siri. Kilichowaponza ni kuunda chama. Walisamehewa mwaka 1836 baada ya umma kupiga kelele. Kisha mwaka 1851 mafundi mitambo waliunganisha vyama vyao vidogo kuwa chama kimoja kikubwa, chenye ofisi, mweka hazina na mfuko wa kuwasaidia wanachama waliougua au waliokosa kazi. Mwaka 1868 vyama vilikutana Manchester na kuanzisha kongamano lao la pamoja, na mwaka 1871 sheria ikavitambua rasmi.

Hapo wanafunzi wengi huandika: “Wafanyakazi walikuwa wamepata haki ya kuungana.” Ni kweli kwenye karatasi ya sheria. Lakini angalia ada. Chama cha mafundi mitambo kilidai shilingi moja kila wiki, na ili uingie lazima uwe umepitia uanagenzi wa ufundi huo. Fundi aliyelipwa vizuri aliimudu ada hiyo, na akaiona kama bima. Sasa msogeze karibu naye msichana wa miaka 16 aliyefanya kazi katika kiwanda cha viberiti cha Bryant na May, mtaa wa Bow. Mwandishi Annie Besant alihoji wafanyakazi wa pale na kuchapisha maelezo yao tarehe 23 Juni 1888. Msichana mmoja aliyemtaja alipata shilingi nne kwa wiki. Ada ya wiki ya mafundi ingemla robo ya mshahara, hata kama wangempokea, na hawakuwa na mpango wa kumpokea.

Shilingi hiyohiyo inajitokeza tena upande wa pili. Kiwandani kulikuwa na makato. Miguu michafu, peni tatu. Kuongea, katika baadhi ya idara, peni tatu. Aliyechelewa alifungiwa nje nusu siku na kukatwa peni tano katika peni nane za siku. Na kwa kuacha mezani njiti zilizoungua wakati wa kazi, Besant aliandika kwamba mfanyakazi aliwahi kukatwa shilingi nzima. Kwa hiyo shilingi moja ilikuwa ada iliyomwacha msichana huyu nje ya chama, na ilikuwa pia kiasi ambacho mwajiri aliweza kumnyang’anya kwa kosa dogo mchana mmoja. Ningelijenga bango zima juu ya shilingi hiyo.

Mchoro wenyewe ni rahisi. Shilingi ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na peni 12, na hilo mliandike kabisa kando ya mchoro, maana msomaji wenu ana shilingi nyingine kichwani. Shilingi nne ni peni 48. Chora miraba 48, kila mmoja wa sentimita tatu, katika safu nne za miraba 12, ukiacha milimita tatu kati ya mraba na mraba. Kila safu ni shilingi moja. Upana wa safu utakuwa sentimita 39 na kidogo, na urefu wa safu zote nne karibu sentimita 13, hivyo mchoro utakaa katikati ya bango na kubakisha nafasi kando kwa maelezo. Safu tatu zipakeni rangi ya kijivu. Ya nne ipakeni nyekundu. Upande wa kushoto wa safu nyekundu andikeni: *Ada ya wiki ya chama cha mafundi mitambo.* Upande wa kulia: *Kato la njiti zilizoungua mezani.* Juu ya mchoro wote: *Mshahara wa wiki wa msichana mmoja, miaka 16, kiwanda cha viberiti, 1888. Kila mraba ni peni moja.*

Mtu atauona mchoro huo kutoka mbali kabla hajasoma neno. Akikaribia ataelewa kwa nini safu moja ni nyekundu. Ndiyo maana nasisitiza nyekundu isitumike mahali pengine popote, hata kwenye kichwa. Najua kishawishi: harakati za wafanyakazi zimezoeleka kuchorwa kwa bendera nyekundu na ngumi iliyoinuliwa. Mkiipaka nyekundu kila mahali, safu yenu itapotea, na ngumi haimwambii msomaji lolote kuhusu peni 48.

Ila mchoro huu unaweza kudanganya msipoulinda. Kwanza, shilingi nne ni za msichana mmoja aliyetajwa na Besant. Hazikuwa wastani wa kiwanda. Wapo waliopata zaidi: dada wa msichana huyo, aliyeishi naye, alifikisha shilingi nane au tisa. Maneno “msichana mmoja” lazima yabaki, hata kama yanaonekana kudhoofisha bango. Pili, makato ya shilingi nzima hayakuja kila wiki. Mkiandika “walikatwa robo ya mshahara” mtakuwa mmegeuza tukio kuwa utaratibu. Andikeni “aliwahi kukatwa”. Tatu, maelezo haya yaliandikwa na mtu aliyekuwa upande wa wafanyakazi na aliyetaka kuwaamsha wasomaji. Hilo haliyafanyi kuwa uongo; linafanya iwe lazima chini ya mchoro pawe na mstari mdogo: *Kutoka maelezo ya Annie Besant, Juni 1888.* Msomaji mwerevu ataliheshimu bango kwa mstari huo.

Sasa njooni kwenye maandishi. Chini ya mchoro wekeni safu tatu fupi za maneno, kila moja maneno 50 hadi 60. Ya kwanza inaeleza kwa nini hawakuwa na chama, ya pili walifanya nini, ya tatu kilifuata nini. Nitawapitisha kwenye ya pili, kwa sababu ndiyo inayoharibika zaidi.

Karibu kila bango la kisa hiki nililowahi kulisoma huandika hivi: “Annie Besant aliwaongoza wanawake wa kiwanda cha viberiti kugoma.” Angalieni kitenzi na mwenye kukitenda. Besant aliandika, na aliwataka wasomaji wake waache kununua viberiti vya kiwanda hicho. Hakuitisha mgomo. Uongozi wa kiwanda uliwataka wafanyakazi watie saini kwamba maelezo yake ni ya uongo, wakakataa. Mwenzao mmoja alipofukuzwa, mwanzoni mwa Julai 1888, wakaacha kazi wenyewe, wanawake na wasichana wapatao 1,400. Kundi lao likaenda kwa miguu hadi ofisini kwa Besant kumweleza yaliyotokea, na kuanzia hapo yeye na wenzake wakawasaidia kukusanya fedha, kuandika magazetini na kuwafikisha kwa wabunge. Wagomaji waliunda kamati yao, na mmoja wa wanakamati alikuwa Sarah Chapman, mfanyakazi wa kiwanda hicho mwenye umri wa miaka 25.

Kama sentensi yenu inamfanya Besant kuwa mtendaji, bango linajibu swali jingine kabisa: linasema watu wasio na chama walihitaji mtu mwenye elimu aje kuwapanga. Kisa chenyewe kinaonyesha kinyume. Basi safu ya pili naiandika hivi:

*Julai 1888. Kiwanda kinawataka wafanyakazi wasaini kwamba malalamiko ni uongo. Wanakataa. Mwenzao anafukuzwa, na wanawake na wasichana wapatao 1,400 wanaacha kazi. Wanaunda kamati, wanatembea hadi kwa mwandishi aliyewaandika, wanapeleka wajumbe bungeni, wanagawana fedha za mchango. Baada ya wiki mbili hivi kiwanda kinakubali: makato yanafutwa, wote wanarudi kazini, na chama kinaundwa.*

Soma tena na utaona karibu kila kitenzi kina mtu. Hiki ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi: pigia mstari kila kitenzi kwenye bango, kisha uliza nani alifanya. Mkikuta “vyama viliibuka”, “haki zilipatikana”, “hali iliboreshwa”, mjue hapo mmemfuta mtu. Vitenzi vya namna hiyo vinaruhusiwa mara moja au mbili, mahali ambapo mtendaji amekwisha kutajwa.

Msije pia mkawapa ushindi ambao hawakuupata. Viberiti vya wakati ule vilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, na mvuke wake uliozesha mfupa wa taya. Makubaliano ya 1888 yaliwapa chumba tofauti cha kulia chakula, na hilo lilikuwa jambo kubwa, maana awali walikula pale pale palipofanyiwa kazi, sumu ikiingia mdomoni pamoja na mkate. Lakini fosforasi yenyewe iliendelea kutumika. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza ulitiwa saini Bern mwaka 1906, na Uingereza ilianza kuizuia mwaka 1910, miaka 22 baada ya mgomo. Sentensi moja juu ya hilo iingie kwenye safu ya tatu. Mwenzenu atasema inaharibu mwisho mzuri. Mwambieni kwamba inaonyesha kwa nini chama kilihitaji kubaki baada ya mgomo kwisha: mgomo huondoa kato moja, ila hatari iliyo ndani ya kazi yenyewe hudai miaka ya kushinikiza, na kazi hiyo inahitaji watu waliokwisha kujiandikisha.

Safu ya tatu ndiyo inayotoka kiwandani kwenda gatini. Mwaka 1889 wafanyakazi wa gesi wa London, kuanzia kiwanda cha Beckton, walijiunga katika chama kipya wakiwa na mwenzao Will Thorne, wakapunguziwa urefu wa siku ya kazi kutoka saa 12 hadi saa 8 bila kugoma. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo vibarua wa gatini waligoma wakidai peni sita kwa saa badala ya tano. Hawa ndio watu waliosimama kila asubuhi langoni wakingoja kuchaguliwa, wengine wakirudi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo ilidhaniwa hawawezi kuungana kamwe, maana daima kuna mwenye njaa wa kuchukua nafasi. Ben Tillett, Tom Mann na John Burns walikuwa mstari wa mbele. Mgomo ulipokaribia kuishiwa, michango ya pauni zipatazo 30,000 ilifika kutoka Australia. Kazi ilirejea tarehe 16 Septemba, peni sita zikiwa zimekubaliwa.

Mnaweza kuchora hapa miraba sita midogo, mitano ya kijivu na wa sita nyeusi, kwa kipimo kilekile cha mraba mmoja kwa peni moja. Jicho lililojifunza mchoro mkubwa litausoma huu bila maelezo.

Kuna kosa ninaloliona sana hapa, nalo ni mshale. Wanafunzi huchora mshale mnene kutoka kwa viberiti kwenda kwa gesi kwenda gatini, na msomaji anaelewa kwamba cha kwanza kilisababisha cha pili. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba vilifuatana, vilitokea katika sehemu zilezile za jiji, na vyote vilikuwa vya watu ambao vyama vya zamani viliwaacha nje. Mfano wa ushindi wa jirani huenda uliwatia watu moyo, lakini biashara ya 1889 pia ilikuwa imechangamka, meli nyingi zilihitaji mikono, na mwajiri mwenye kazi nyingi hupatwa na hofu ya mgomo kuliko yule ambaye ghala lake limelala. Kwa hiyo ondoeni mshale. Andikeni “baada ya”, msiandike “kwa sababu ya”, na wekeni ile sentensi ya biashara iliyochangamka. Mwalimu wenu akisoma hapo atajua mmefikiri.

Mstari wa matukio uwe chini kabisa, upana wote wa bango. Hapa vipimo vinasema jambo ambalo maneno hayasemi, mradi tu muupime kwa haki. Kati ya 1799 na 1889 kuna miaka 90. Mkiacha pambizo za milimita 25 kila upande mnabaki na milimita 544, kwa hiyo kila mwaka upewe milimita sita na mstari uwe wa milimita 540. Mwaka 1799 uko mwanzoni. Mwaka 1824 unaangukia milimita 150, 1834 kwenye 210, 1851 kwenye 312, 1868 kwenye 414, 1871 kwenye 432, 1888 kwenye 534, na 1889 mwisho kabisa. Mtaona mara moja kwamba miaka miwili ya mwisho inakaribiana hata maandishi hayatoshei. Msiisogeze ili ipendeze. Mmoja upewe maelezo juu ya mstari na mwingine chini yake, na kila mmoja uwe na uzi mwembamba unaourudisha mahali pake. Kule kubanana ndiko kunakoonyesha kwamba baada ya miaka mingi ya mwendo wa polepole, mambo mawili makubwa yalitokea kwa kufuatana. Wanaogawa mstari kwa nafasi sawa, tukio moja kila sentimita saba, wanalipoteza hilo na kubaki na orodha iliyolazwa.

Matukio hayo manane yanatosha. Mtu atauliza mbona Chicago 1886 haimo, na Mei Mosi je? Ni kisa kikubwa, cha mapambano ya saa nane za kazi huko Marekani, na kinastahili bango lake. Kwenye hili kitakuwa mgeni asiye na kiti: hakielezi kwa nini mwenye shilingi nne alibaki nje ya chama. Hivyohivyo kwa wasifu wa wanafalsafa wa ujamaa na maelezo ya mashine ya mvuke.

Juu ya picha nitasema kwa ufupi. Mkitaka moja tu, tafuteni picha ya wagomaji wenyewe ya mwaka 1888, kwa sababu ipo, na muichukue kwenye kumbukumbu za makumbusho au maktaba ambako imeandikwa namba, mwaka na mwenye kuitunza. Picha ileile mkiikuta sehemu tatu ina miaka mitatu tofauti, iacheni. Viwanda vya viberiti vilipigwa picha kwa miongo mingi, na ya miaka ya baadaye huitwa kirahisi tu “wagomaji”. Picha za taya zilizooza msizitumie kabisa. Nyingi huzunguka bila kujulikana ni za nani na za ugonjwa gani, na pia zinamfanya mtu ageuze uso kabla hajaiona miraba. Chini ya picha maelezo yawe na nani, wapi, lini, na imetoka wapi. Msiandike “wafanyakazi wakiteseka”. Wale wanawake kwenye picha ya mgomo wamesimama wakimtazama mpiga picha usoni. Acheni msomaji alione hilo mwenyewe.

Kichwa cha bango kiwe dai. “Kuibuka kwa Vyama vya Wafanyakazi” ni jina la sura ya kitabu, halimwambii mtu asimame. Mimi ningeandika *Waliofungiwa nje ya chama wakaunda chama chao*, na chini yake kwa herufi ndogo, *London, 1888–1889*. Herufi za kichwa ziwe na kimo cha sentimita tatu hivi, zitasomeka kwa raha kutoka mita tatu. Kwa kimo hicho kichwa kitachukua mistari miwili, na si vibaya. Maandishi ya safu yawe pointi 24 au zaidi kama mnatumia kompyuta. Mkiandika kwa mkono, herufi kubwa zisipungue milimita saba. Fonti moja kwa bango zima, nene kwa vichwa na ya kawaida kwa maelezo. Msiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa, maana maneno hupoteza umbo lake na jicho hulazimika kuyasoma herufi moja moja.

Kabla hamjachapisha, chapeni nakala kwenye karatasi ya A4. Hapo kila kitu kinapungua hadi kama asilimia 35, kwa hiyo maandishi ya pointi 24 yanakuwa pointi nane na nusu. Kama huwezi kuyasoma ukiwa umeishika karatasi hiyo mkononi, basi hata bango kubwa halitasomeka ukutani. Mkifanya kwa mkono, chora kwanza mpango wote kwa penseli, muubandike ukutani, na mumwite mtu wa darasa jingine asiyejua mada yenu. Msimweleze kitu. Akitazama kidogo, mfunikieni bango na mumuulize ile safu nyekundu ni nini. Akijibu “ni makato” au “ni ada”, mko karibu. Akijibu vyote viwili, pakeni rangi. Akisema “wafanyakazi waliteseka”, rudini kwenye maelezo ya mchoro, ni marefu mno au yako mbali na safu yenyewe.

Limebaki lile la kila mmoja kutaka sehemu yake. Msigawane mada, gawaneni kazi. Mmoja ashike miraba na vipimo vyake. Mwingine mstari wa matukio. Mwingine picha na maelezo yake, pamoja na kuhakikisha chanzo. Mwingine aandike zile safu tatu, na mwenye jicho kali azisome kwa sauti na kukata kila neno ambalo sentensi inaweza kuishi bila hilo. Kisha zile kurasa sita zigeuzeni kuwa akiba ya anayesimama kando ya bango siku ya maonyesho. Mgeni akiuliza kuhusu Tolpuddle, kuhusu fosforasi, au kwa nini fedha zilitoka Australia ya mbali kuja kuwasaidia vibarua wa London, ajibiwe na aliyeandika ukurasa huo. Pangeni zamu mapema, na kila mwenye zamu awe ameisoma miraba ile vizuri kiasi cha kuweza kueleza, bila kutazama karatasi, kwa nini imeandikwa “msichana mmoja”.